Mtoto Asiyesema Shuleni: Ripoti Ionyeshe Sauti Inaishia Wapi

Ripoti nyingi zinazonifikia kuhusu watoto wasiozungumza shuleni zina sentensi moja inayojirudia: "Mtoto hakutoa ushirikiano." Mzazi akiisoma anarudi nyumbani na aibu. Mwalimu akiisoma anaona kimethibitika alichokuwa akishuku siku zote, kwamba mtoto ni mkaidi. Hakuna kati yao anayejua afanye nini Jumatatu asubuhi. Tena sentensi hiyo inamsingizia mtoto jambo lililosababishwa na upimaji wenyewe: mgeni amemketisha mtoto mezani, amemkazia macho, amemuuliza maswali. Kwa mtoto mwenye ukimya teule, hayo matatu yakikutana sauti haitoki.

Ukimya teule ni hali ya wasiwasi. Mtoto anazungumza vizuri mahali fulani na watu fulani, kwa kawaida nyumbani, lakini anashindwa kutoa sauti mahali pengine anapotarajiwa kusema, kwa kawaida shuleni. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, vinataka hali hiyo iwe imedumu angalau mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule. Iwe inazuia masomo au mahusiano. Na isiwe imetokana na mtoto kutoijua lugha inayotumika. Mara nyingi huanza kabla ya miaka mitano. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alipoandika juu yake mwaka 1877 aliona kwamba watu hawa wananyamaza kwa hiari yao, na dhana hiyo imeendelea kuishi katika vyumba vya walimu hata baada ya wataalamu kuiacha. Mwongozo wa mwaka 2013 uliiweka hali hii katika kundi la matatizo ya wasiwasi. Uamuzi huo unagusa maisha ya mtoto moja kwa moja, kwa sababu mkaidi hurudiwa, lakini mwenye hofu huondolewa kinachomtisha, kisha hurudishiwa kidogo kidogo.

Mtoto nitakayemweleza nimemuunganisha kutokana na watoto kadhaa wa upande wetu huu wa Arusha, ili asitambulike mmoja wao. Ni msichana wa miaka mitano na miezi miwili. Familia yake inaishi juu ya Ngaramtoni, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nyumbani anazungumza Kiarusha na bibi yake, ambaye anamwita Koko, na Kiswahili na wazazi wake na kaka yake. Mwezi wa Januari alianza darasa la awali katika shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, kando ya barabara ya Namanga. Ilipofika Agosti hakuna mwalimu aliyekuwa amesikia sauti yake. Baba alidhani ni aibu ya kawaida. Jirani alishauri apelekwe kukatwa kimeo. Shangazi yake alisema ana udata, ulimi umeshikwa chini.

Niseme hili la kimeo mapema kwa sababu linaumiza watoto. Mtoto anayetoa sentensi nzima nzima jikoni kwa Koko hana kitu kooni wala chini ya ulimi kinachomzuia kusema shuleni. Kimeo ni kilekile asubuhi na jioni. Kukikata kienyeji kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na mtoto aliyekuwa anaogopa watu sasa anapata sababu halisi ya kuogopa mkono wa mgeni karibu na kinywa chake. Kinachostahili kuchunguzwa ni masikio. Ikiwa kuna shaka yoyote ya usikivu, kama vile kuvuja usaha masikioni, kuongeza sauti ya televisheni au kutoitika akiitwa kwa nyuma, aende kwa wataalamu wa masikio kabla tathmini haijaendelea. Huyu wetu alikuwa anasikia vizuri.

Tathmini ya mchezo huanza kabla mchezo haujaanza. Nilizungumza na wazazi mtoto akiwa hayupo, kwa sababu mtoto akisikia watu wazima wakijadili kutokusema kwake, ukimya unazidi kuwa jina lake. Sikuuliza kama anasema. Niliuliza anasema na nani, wapi, kwa lugha gani, kwa sauti ya kiwango gani, na nani akiingia ananyamaza. Kuna dodoso lililotungwa Marekani ambalo hugawa maswali haya katika nyumba, shule na mahali pa watu wengi. Ninafuata mgawanyo huo kama mwongozo wa mazungumzo, bila kutegemea alama zake, kwa kuwa swali kuhusu kuagiza chakula hotelini halimpimi mtoto ambaye mahali pake pa watu wengi ni soko la Ngaramtoni na ibada ya Jumapili.

Majibu yalitoa picha yenye mipaka iliyo wazi. Kwa Koko anapiga kelele mpaka anakatazwa. Mgeni akipiga hodi anashusha sauti, mgeni akiketi ananong'ona, mgeni akimsemesha anaganda. Katika gari la shule anazungumza na kaka yake mpaka gari linapokata kona ya kuingia shuleni. Niliomba pia mama amrekodi kwa simu akicheza nyumbani bila kumwambia aseme chochote. Dakika chache za rekodi hiyo zilinionyesha sentensi ndefu, hadithi yenye mwanzo na mwisho, maswali ya kwa nini, na matamshi yanayolingana na umri wake. Bila rekodi hiyo nisingeweza kuandika lolote la uhakika kuhusu lugha yake, na ningejikuta nimeandika ile sentensi ya ushirikiano.

Siku ya tathmini chumba kilikuwa na mkeka, vikopo na sufuria ndogo za kujipikilisha, wanasesere, visoda, udongo wa kufinyanga, chupa ya mapovu ya sabuni na kipande cha bomba la plastiki. Hakukuwa na meza. Mama na mtoto waliingia peke yao, nami nikabaki nje mlango ukiwa wazi kidogo. Hatua hii wapimaji wengi huiruka kwa haraka ya kazi, ilhali ndiyo inayoonyesha kama sauti inaweza kabisa kutoka ndani ya jengo lile. Kwa dakika mbili alinong'ona. Alipoanza kupika "ugali wa mtoto" kwa udongo, sauti ikawa kamili, na kabla dakika kumi hazijaisha alikuwa anamgombeza mwanasesere kwa Kiarusha, sauti ileile ya Koko.

Kisha niliingia bila kusalimu, nikakaa ukutani, hatua kama nne kutoka kwenye mkeka, nikiandika bila kumwangalia. Sauti ilikatika katikati ya neno. Baada ya dakika tatu hivi ikarudi kama mnong'ono sikioni kwa mama. Nilisogea hadi pembeni mwa mkeka, nikaanza kufinyanga udongo wangu mwenyewe. Nilichosema kilikuwa maelezo tu ya kinachofanyika: "Umejaza kikopo." "Mwanasesere amelala." Sikuuliza swali. Mpimaji anayeuliza maswali mapema huwa anapima hofu aliyoileta mwenyewe. Mtoto aliacha kunong'ona, lakini mwili ulianza kulegea: mabega yalishuka, akanisogezea kikopo, akacheka bila sauti nilipojifanya nimeungua.

Mdomo una ngazi zake kabla ya neno, na mchezo unaruhusu kuzipanda bila mtoto kuambiwa kwamba anapanda. Alipuliza mapovu nami bila wasiwasi. Alipuliza visoda vyepesi kwa bomba la plastiki, na hapo pumzi ilisikika. Nilipotoa sauti ya gari linalokwama kwenye tope alifungua mdomo, akafunga. Hapo ndipo ukomo wake ulipokuwa siku ile, nikauandika kama ulivyo.

Mwishoni nilimuuliza swali moja la kuchagua: "Mwanasesere anataka uji au chai?" Nikanyamaza nikihesabu moyoni mpaka tano. Sekunde tano za kimya ni ndefu sana kwa mtu mzima. Mama alifungua mdomo kumjibia, nami nikainua mkono taratibu kumzuia. Mtoto aliangalia chini, uso ukakauka, kisha akanyoosha kidole kwenye kikopo cha uji. Nilisema, "Anataka uji," tukaendelea. Kidole ni jibu. Nilirudia baadaye kwa swali la ndiyo au hapana, akatikisa kichwa mara moja. Mama alipotoka kwenda mlangoni, kidole na kichwa vilibaki, ila kucheka kulikoma. Uelewa wake niliupima papo hapo kwa maagizo ya mchezo, kama "mfiche ng'ombe nyuma ya sufuria kubwa, kisha mlaze mwanasesere." Alitekeleza yote bila kosa, kwa Kiswahili, na kwa Kiarusha mama aliporudia.

Shuleni nilikaa nyuma ya darasa nikijifanya nimekuja kuangalia vifaa. Watoto waliitikia kwa pamoja "Good morning, teacher," na midomo yote ilicheza isipokuwa wake. Mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kukaa miezi bila kugundua, kwa sababu kuitikia kwa kundi humficha aliye kimya. Kilichonishtua zaidi kilikuwa wakati wa mapumziko. Hakugusa uji. Hakunywa maji. Mama yake alikuwa ameshaniambia kwamba mtoto hufika nyumbani akikimbilia choo, na mwezi wa Mei alijikojolea darasani. Ukiunganisha, unaona mtoto anayejinyima maji tangu asubuhi kwa sababu njia pekee ya kwenda choo ni kuinua sauti na kuomba ruhusa. Jambo hili lilikuwa la kwanza kabisa katika mapendekezo yangu, kabla ya lolote linalohusu kusema.

Lugha ilihitaji uangalifu wake. Mtoto anayeingia shule ya Kiingereza bila kukijua huweza kukaa kimya miezi kadhaa akisikiliza, na huo si ugonjwa. Lakini mtoto wa namna hiyo hutumia lugha anayoijua pale anapopata nafasi: uwanjani anacheza rede akipiga kelele kwa Kiswahili na wenzake. Huyu alikuwa kimya hata kwa Kiswahili, hata uwanjani, hata na binti wa jirani anayecheza naye kila siku nyumbani. Kwa hiyo Kiingereza hakikuwa chanzo, ingawa kilikuwa kinamwongezea mzigo. Usonji nao niliuangalia. Mtoto mwenye usonji huonyesha tofauti za mawasiliano kila mahali, nyumbani pia. Huyu nyumbani alikuwa na mchezo wa kuigiza, alitania, alisoma nyuso za watu. Na kama angekuwa amepoteza sauti ghafla kila mahali, pamoja na nyumbani, ningeuliza kwanza kuhusu tukio la kutisha au ugonjwa. Hakukuwa na dalili hiyo.

Hitimisho la ripoti lilikuwa fupi: ukimya teule, lugha na uelewa vinavyolingana na umri, usikivu mzuri. Chini yake niliandika sauti inaishia wapi. Na mama peke yake katika chumba kigeni, sauti kamili. Mgeni akiwa mbali na haangalii, mnong'ono kwa mama. Mgeni karibu, ishara na kicheko kisicho na sauti. Mama akiwa mlangoni, ishara tu. Darasani, hata ishara ni chache. Niliandika pia udhaifu wa ripoti yenyewe: siku moja, mpimaji mmoja, Kiarusha changu ni cha kusikiliza tu, na kiwango chake cha Kiingereza hakikuweza kupimwa. Mstari wa sauti unapoandikwa hivi, mapendekezo yanajitokeza yenyewe, kwa sababu yanaanzia pale sauti ilipo.

Sauti ipo kwa mama. Basi mama ndiye anayeingia shuleni. Nilipendekeza mara tatu au nne kwa wiki mama na mtoto wafike dakika kumi na tano kabla ya gari la shule, wakae darasani peke yao na mchezo unaohitaji kusema: mdako wa kuhesabu kwa sauti, au kutaja picha. Lugha iwe ile inayotoka kirahisi, hata kama ni Kiarusha na ukuta umejaa maneno ya Kiingereza. Wazazi wa shule za Kiingereza huogopa jambo hili, na baadhi ya shule hulikataza. Niliieleza shule kwamba tunafundisha sauti kwanza, na lugha ya darasa itafuata. Sauti ikishakuwa kamili darasani kwa siku kadhaa, mwalimu mmoja tu aliyechaguliwa anapita nje ya mlango. Siku nyingine anasimama mlangoni akiwa na kazi yake. Kisha anaingia akiwa amegeuka. Kisha anakaa meza ya mbali, kisha ya karibu, kisha anaungana na mchezo kwa zamu, na mtoto anaendelea kuhesabu. Mwisho kabisa mama naye ndiye anayeanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Kanuni inayoshikilia hatua hizi ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: mtu, au mahali, au kazi. Mwalimu mpya na chumba kipya siku moja ni vitu viwili, na mtoto atanyamaza. Sauti ikikatika usingoje wala usibembeleze. Rudi hatua moja, ile ya jana iliyofaulu, malizeni hapo. Unajua hatua imekomaa pale mtoto anapoendelea kusema bila kumtazama mtu aliyeingia. Ukiona ananong'ona kwa wiki nzima bila kupanda, mara nyingi watu wazima wameharakisha hatua iliyotangulia.

Kwa mwalimu niliandika mambo ambayo yanaweza kuanza kesho yake. Mtoto apewe kadi ya choo ya kuweka mezani kwa mwalimu bila neno, na mwalimu ampeleke choo yeye na watoto wengine wawili kabla ya mapumziko. Anapoita majina, watoto wote wainue mkono badala ya kuitika, ili naye asionekane wa pekee. Asisimamishwe mbele kujibu. Kusoma kwake kupimwe kwa rekodi ya nyumbani mpaka sauti ifike darasani. Na siku atakayosema, mwalimu ajibu alichosema, basi. Darasa zima likipiga makofi na kelele "amesema!", mtoto atajifunza kwamba sauti yake huleta macho ya watu wote, yaani kile hasa alichokuwa anakiogopa. Mwalimu aandae watoto wenzake mapema kwa maneno mepesi: mwenzenu anajifunza kutumia sauti shuleni, akisema tunaendelea na mchezo.

Fimbo ilikuwa imeshatajwa na mwalimu mmoja, kwa nia anayoiona njema. Kunyamaza kwa hofu hakuwezi kuwa kosa la nidhamu, na fimbo humpa mtoto ushahidi kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Zawadi kubwa nazo sizipendi mwanzoni. "Sema nikununulie baiskeli" inamtaka aruke ngazi zote kwa mkupuo, na akishindwa amepoteza baiskeli na heshima yake pamoja.

Salamu ndiyo iliyowasumbua wazazi kuliko yote. Mtoto asiyesema shikamoo kwa wageni anaitwa hana adabu, na aibu inampata mama. Hapa desturi ya Waarusha ilitupa njia ambayo sikuhitaji kuibuni: mtoto anamwendea mkubwa, anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Ni salamu kamili yenye heshima yote, na haidai neno kutoka kwa mtoto. Nilipendekeza wazazi waitumie kwa kila mgeni na wawaeleze ndugu kwamba hiyo inatosha kwa sasa. Koko aliposikia alisema, "Mwanangu, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisalimu sisi." Maneno ya kumkinga mtoto mbele ya wageni nayo niliyaandika neno kwa neno. Mtu akiuliza kwa nini hasemi, mama ajibu mtoto akisikia: "Anasema sana nyumbani, huku bado anazoea." Asiseme "huyu hasemi."

Wazazi wa shule za umma wataniuliza kuhusu darasa la watoto wengi na mama anayetakiwa shambani au sokoni alfajiri. Hatua ni zilezile ila watu wanabadilika. Kaka au dada anayesoma shule hiyohiyo anaweza kuwa mtu wa sauti, na muda unaweza kuwa ule wa usafi kabla ya mstarini, pembeni mwa darasa. Mwalimu mmoja mwenye mafunzo ya elimu maalum akiwepo, ndiye wa kuchaguliwa. Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, kimekuwa kikiwaandaa walimu wa aina hiyo, na huenda shule yenu ina mhitimu wake ambaye hajawahi kuulizwa. Kisichoweza kupunguzwa ni marudio. Mara moja kwa wiki haitoshi, hata ikiwa saa nzima.

Niliweka tarehe ya kupitia ripoti baada ya wiki nane. Kipimo cha siku hiyo hakitakuwa kama anasema au hasemi, bali ni mstari upi wa ile orodha umesogea. Kama hakuna uliosogea licha ya mazoezi kufanyika kweli, au kama anaanza kukataa kula, kulala au kwenda shule, apelekwe kwa daktari wa watoto au wa afya ya akili, na ripoti iende naye ili asianze upya kuulizwa maswali mezani.

Muda wenyewe una mpaka. Shule hufungwa Desemba, na Januari mtoto anaingia Darasa la Kwanza kwa mwalimu mwingine na chumba kingine, vitu viwili kwa siku moja. Kwa hiyo mwalimu wa Darasa la Kwanza aanze kuingizwa mwezi wa Novemba, katika chumba kilekile cha awali, kwa hatua zilezile za mlangoni na meza ya mbali. Wiki ya mwisho kabla ya kufunga, mchezo uhamie chumba kipya, mama akiwepo. Na wakati wa likizo mama aombe ufunguo wa darasa hilo angalau mara mbili.